Wingi wa Neno Mgeni: Kutoka "Cactus" hadi "Kirusi"

Swali la kwamba wingi wa neno "cactus" ni "cacti" au "cactuses" huonekana kuwa la Waingereza peke yao. Kwa mwanafunzi wa Bujumbura si hivyo. Sisi tunasoma kwa Kifaransa, na tangu sheria ya mwaka 2014 Kiingereza nacho ni lugha rasmi ya Burundi. Nyumbani tunasema Kirundi, na wengi wetu, hasa waliokulia Buyenzi na Bwiza, tunasema Kiswahili tangu utotoni. Neno moja la kigeni hutufikia kupitia milango minne, na kila mlango una desturi yake ya wingi. Kifaransa hakibadilishi kitu: "cactus" mmoja, "cactus" kumi. Kiingereza kinaruhusu njia mbili. Kirundi na Kiswahili huuliza kwanza neno hilo ni la ngeli gani. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huandika kazi yake, kisha msomaji mmoja husahihisha kwa kalamu nyekundu kile ambacho msomaji mwingine amekikubali.

Katika insha hii ninadai kwamba ugomvi huu hauwezi kuamuliwa kwa sarufi peke yake, kwa sababu ni jambo la historia. Neno likihama, kwa kawaida huja na umbo moja tu, na lugha inayolipokea hulitengenezea wingi kwa desturi zake. Wingi wa kigeni hubaki pale tu ambapo kuna kundi la wasomi wanaoijua lugha ya asili na wanaotaka ijulikane kwamba wanaijua. Nitaanza na "cactus" yenyewe, kisha "index" na "appendix", halafu nije kwenye Kiswahili, ambako neno "virusi" linatupa mfano ulio wazi kuliko yote.

Watetezi wa "cacti" husema kwamba neno hili ni la Kilatini, na katika Kilatini majina mengi yanayoishia na "-us" huchukua "-i" katika wingi. Kanuni hiyo ni ya kweli. Lakini neno lenyewe halikuzaliwa katika Kilatini. Lilitoka Kigiriki, "kaktos", na wingi wake wa Kigiriki ni "kaktoi". Theofrasto, mwanafunzi wa Aristotle, alilitumia kwa mmea wa miiba uliokua katika kisiwa cha Sisilia. Plinio Mzee, Mrumi aliyefariki mwaka 79, aliuandika pia mmea huo. Warumi walipolichukua neno hili walilivua mwisho wake wa Kigiriki na kulivika mwisho wao. Kwa maneno mengine, "cacti" yenyewe ni kazi ya wageni waliolitia neno la watu wengine katika sarufi yao. Mwingereza anayesema "cactuses" amefanya jambo lilelile ambalo Mrumi alilifanya kabla yake.

Kuna jambo la pili. Mmea ambao leo tunauita "cactus" hakuna Mrumi aliyeujua kwa jina hilo. Jamii hiyo ya mimea asili yake ni mabara ya Amerika, na Wazungu waliifahamu baada ya safari za Kolombo. Wataalamu wa mimea waliazima jina la mmea wa kale wenye miiba na kuupa mmea mwingine kabisa, na Carl Linnaeus akalithibitisha jina hilo katika kitabu chake cha mimea cha mwaka 1753. Kwa hiyo anayedai wingi wa Kilatini kwa heshima ya Warumi anawaheshimu kwa mmea ambao hawakuuona. Kiswahili hakikungoja ugomvi huo uishe. Aina moja ya mmea huu, ile yenye mashina mapana yaliyojaa miiba, iliitwa mpungate, na wingi wake ni mipungate, kama miti mingine yote.

"Index" na "appendix" zina historia tofauti, na zinastahili utetezi zaidi. Wingi wake wa Kilatini, "indices" na "appendices", huonekana kama umevunja neno na kuliunda upya. Ukweli ni kinyume chake. Shina la neno liko katika wingi, na umoja ndio uliolificha. Katika Kilatini shina la "appendix" huishia na sauti ya "k". Mwisho wa umoja, yaani "s", ulipokutana na "k" hiyo, sauti mbili zikaandikwa kwa herufi moja, "x". Katika wingi hakuna mkutano huo, na shina hujitokeza wazi.

Msemaji wa Kiswahili hawezi kushangazwa na jambo hili, maana tunalo wenyewe. Mtoto anayejifunza lugha husikia "jino" na "meno" na kudhani ni maneno mawili tofauti. Sivyo. Shina ni "-ino". Katika umoja limepokea "ji-", irabu mbili zikaungana, tukapata "jino"; katika wingi limepokea "ma-", na "a" ikikutana na "i" hutoa "e", tukapata "meno". "Jicho" na "macho" zina kisa cha namna hiyo. Tofauti ni kwamba sisi tunaendelea kuishi na kanuni iliyozaa "meno", lakini Mwingereza haishi na kanuni iliyozaa "indices". Ameipokea ikiwa imekamilika, kama mtu aliyepewa nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Ndiyo maana Kiingereza kimeweka wingi wa aina mbili kwa kila neno, na polepole matumizi yamegawana kazi. Orodha za mwisho wa kitabu mara nyingi huitwa "indexes", na vipimo vya hesabu na vya uchumi huitwa "indices". Sehemu za nyongeza katika kitabu mara nyingi ni "appendices", na madaktari wanaozungumzia kiungo cha tumboni hupenda zaidi "appendixes". Kamusi za Kiingereza zinakubali maumbo yote hayo. Anayesahihisha moja kuwa kosa anasahihisha mazoea, si kosa.

Kiswahili kilikabili tatizo hilohilo la neno moja lenye maana nyingi, lakini kililitatua kwa kugawanya maneno badala ya wingi. Orodha ya mwisho wa kitabu ni faharasa. Kipimo cha bei katika takwimu za taifa ni fahirisi, na ndiyo maana taarifa za mfumuko wa bei nchini Tanzania hutaja "Fahirisi za Bei". Katika hesabu, ile namba ndogo inayoandikwa juu ni kipeo, wingi vipeo. Sehemu ya nyongeza ya tasnifu ni kiambatisho, wingi viambatisho, na kiungo cha tumboni ni kidole tumbo. Faharasa na fahirisi ni ndugu: zote mbili zinarudi kwenye neno moja la Kiarabu lililotoka Kiajemi, neno ambalo Ibn al-Nadim wa Baghdadi alilitumia katika karne ya 10 kama jina la orodha yake mashuhuri ya vitabu. Wingi wake wa Kiarabu ni "faharis". Wingi huo haukupanda jahazi kuja kwetu. Tunasema faharasa hii na faharasa hizi, na hakuna anayelalamika.

Kwa nini basi Waingereza waliung'ang'ania wingi wa Kilatini? Jibu liko shuleni. Kwa karne nyingi shule ya mtoto wa kiume nchini Uingereza ilikuwa shule ya Kilatini, na katika karne ya 16 mfalme Henry VIII aliidhinisha sarufi moja ya Kilatini itumike katika nchi nzima. Mtu aliyepita shule hiyo aliyaona maneno ya kigeni katika Kiingereza kama watu anaowafahamu, na aliyataja pamoja na wingi wao. Wingi huo ukawa alama ya kumtambua msomi. Watu waliotaka kuonekana wasomi bila kupita shule hiyo wakaiga alama bila kujua kanuni, na hapo makosa yakaanza. Wapo wanaosema "octopi" kwa pweza wengi, ingawa neno hilo ni la Kigiriki na mwisho wake si ule wa "cactus".

Mfano unaotufaa zaidi ni basi. Sote tunapanda mabasi, na tunalijua neno hili katika Kiswahili, Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Asili yake ni "omnibus", neno la Kilatini lenye maana ya "kwa ajili ya wote", ambalo Wafaransa walilitumia katika karne ya 19 kwa magari ya farasi yaliyobeba abiria wa kila aina. Katika "omnibus" shina ni "omni-", na "-bus" ni kiambishi tu, tena kiambishi cha wingi. Watu walilikata neno, wakatupa shina, wakabaki na mkia. Anayeamini kwamba kila "-us" huwa "-i" angepaswa kusema "bi", na hakuna aliyewahi kupanda "bi". Kiswahili kiliupokea mkia huo kama neno zima, kikauweka kwenye ngeli ya LI-YA, na leo basi moja ni basi na mengi ni mabasi. Tumeongeza wingi wetu juu ya wingi wa Warumi, na lugha haikudhurika.

Sasa niingie Kiswahili chenyewe. Kwetu Kiarabu kilikuwa kama Kilatini kilivyokuwa kwa Waingereza: lugha ya dini, ya sheria na ya elimu. Tuchukue neno kitabu. Kiarabu chake ni "kitab", na wingi wake ni "kutub", kwa kuwa Kiarabu hubadilisha irabu za ndani ya neno. Silabi "ki" katika Kiarabu ni sehemu ya shina, haiwezi kuondolewa. Lakini sikio la Mswahili lilisikia "ki-" kama ile ya kiti na kisu, likatoa vitabu. Neno hilo likaendelea na safari hadi Kirundi, ambako ni igitabo, na wingi ibitabo. Hapa kuna ushahidi mzuri. Kirundi hugeuza "k" ya kiambishi kuwa "g" pale ambapo silabi inayofuata inaanza na sauti kama "t". Kwa kuwa Warundi husema igitabo, si ikitabo, tunajua kwamba "ki" ya Kiarabu imefuata kanuni za kiambishi cha Kirundi. Neno limekuwa la nyumbani kabisa.

Namna hiyohiyo wakati, kutoka Kiarabu, ulifanana na wayo na wimbo. Kwa kuwa wingi wa wayo ni nyayo na wa wimbo ni nyimbo, wingi wa wakati ukawa nyakati. Karne nyingi baadaye Kiingereza kilileta waya, na waya ukafuata njia ileile: nyaya. Hakuna kamati iliyokaa kuamua hilo. Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliundwa mwaka 1930, na Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania mwaka 1967, wakati vitabu na nyakati zilikuwa vinywani mwa watu tangu zamani.

Hata hivyo, wasomi wetu nao waliacha alama zao. "Ulamaa" ni wingi wa Kiarabu wa "alim", na umebaki katika vinywa vya watu wa dini. Wengine huongeza "ma-" na kusema maulamaa. Wingi wa sheikh una pande mbili: wengi husema mashehe, na waliosoma Kiarabu hupenda mashaikh. Kwa bahati njema Kiarabu chenyewe huanza wingi huo na "ma", hivyo kila upande husikia kanuni yake na kuridhika. Hata "kutub" haikupotea kabisa: imejificha katika neno mkutubi, yaani mtunza maktaba. Na yapo maneno yaliyokuja yakiwa katika wingi bila sisi kujua. "Herufi" imetoka kwenye "huruf", ambayo kwa Kiarabu ni herufi nyingi, na "malaika" kwa Kiarabu ni wengi tayari. Sisi husema herufi moja na malaika mmoja bila wasiwasi, kama vile Kiingereza kinavyosema "agenda" moja ingawa kwa Kilatini ni wingi.

Haya yote yananifikisha kwenye neno ambalo bado lina ugomvi, nalo ni virusi. Katika Kilatini "virus" maana yake ilikuwa sumu au utelezi unaonuka. Lilikuwa jina la kitu kisichohesabika, kama maji au tope, na waandishi wa kale hawakulitumia katika wingi. Tena, ingawa linaishia na "-us", haliko katika kundi moja na "cactus". Anayejaribu "viri" atapata neno lingine kabisa, lenye maana ya wanaume. Sayansi ilipolichukua kwa vijidudu vinavyoweza kuhesabika, Kiingereza kilisema "viruses", na hapo hakuna Kilatini cha kukimbilia.

Kiswahili kililipokea kama "virusi". Likaanza na "vi-", na kwa sikio letu "vi-" ni wingi. Upatanisho ukafuata: virusi hivi, virusi vinaenea, Virusi vya Ukimwi, ambavyo kwa kifupi ni VVU. Ukimwi ulipolifanya neno hili kuwa la kila kijiji, watu walihitaji kutaja kimoja. Kama virusi ni vingi, kimoja ni kipi? Jibu lilikuja kwa mfano wa kiti na viti: kirusi. Mwaka 2020, korona ilipoenea, "kirusi cha korona" kilisikika redioni na kuandikwa magazetini sambamba na "virusi vya korona".

Wapo wasomi wanaokataa "kirusi". Hoja yao ni kwamba "vi" ni sehemu ya shina la Kilatini, kwa hiyo hakuna haki ya kuiondoa, na mwanafunzi anayeandika hivyo huweza kukatwa alama. Lakini hoja hiyo ikikubaliwa hapa, lazima ikubaliwe pia kwa kitabu, maana "ki" ya "kitab" ni sehemu ya shina la Kiarabu kwa kiwango kilekile. Atakayefuta kirusi afute na vitabu. Wengine husema "virusi hii", wakiliacha neno bila umoja na wingi. Hao angalau wana mfano wa kufuata: "kilo" nayo huanza na "ki", lakini tunasema kilo moja na kilo tano, si "vilo". Hapa ndipo kuna mpaka wa dai langu. Kufanana kwa sauti hufungua mlango tu. Si kila neno huingia. Njia ya kujua kama limeingia ni kusikiliza upatanisho. Watu husema "kilo hizi", kwa hiyo kilo imebaki nje ya ngeli ya KI-VI. Watu husema "virusi hivi", kwa hiyo virusi imeingia, na ikishaingia katika wingi, umoja wake ni kirusi.

Kirundi kinatupa mfano wa neno lililoingia bila kutengeneza umoja. Neno la Kifaransa "bureau" lilisikika na "bi" mwanzoni, likawa ibiro, pamoja na mimea na vitu vya ngeli ya wingi. Hadi leo Mrundi akisema ibiro vya mtu mmoja, katika chumba kimoja chenye meza moja, hutumia upatanisho wa wingi. Historia hiyo haikukamilisha hatua ya pili ambayo Kiswahili kilikamilisha kwa kirusi, na hakuna anayemwita Mrundi huyo mkosaji.

Kwa hiyo swali la cactus lina jibu, ila linategemea lugha unayoandika. Katika Kiingereza andika "cacti" au "cactuses" upendavyo, lakini usibadilishe katikati ya kazi moja. Katika Kifaransa liache "cactus" na "index" kama zilivyo. Katika Kiswahili usiulize Kilatini au Kiarabu kilisemaje. Sikiliza upatanisho wa wasemaji, kisha uufuate hadi mwisho. Mimi nitaandika viambatisho, faharasa mbili na kirusi kimoja. Atakayeniwekea alama nyekundu kwenye kirusi, namwomba aeleze pia kwa nini hakuiweka kwenye vitabu.